Mabua, Yurea na Baridi ya Njombe: Jinsi Barua Pepe kwa Profesa Inavyopata Jibu

"Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama na ninapenda sana utafiti wa lishe ya mifugo. Ningefurahi kufanya shahada ya uzamili chini ya usimamizi wako." Barua pepe zenye maneno ya namna hii huwafikia maprofesa wa lishe ya mifugo kila msimu wa maombi, na nyingi hazijibiwi. Hazina kosa la adabu wala la sarufi. Zinamwacha profesa bila kitu cha kujibu. Lishe ya mifugo ina kuku, samaki, nguruwe, mbuzi na ng'ombe. Ina madini, protini, nyuzinyuzi, sumukuvu na gesi anayocheua ng'ombe. Profesa anataka kujua mwombaji atapima nini, kwa mnyama gani, mahali gani, na kama kipimo hicho kinaweza kukamilika kabla fedha na muda havijaisha.

Sehemu inayobeba uzito wote huo ni aya moja au mbili ambamo mwombaji anaeleza utafiti anaotaka kuufanya. Salamu, wasifu na matokeo ya chuo vina nafasi yake, lakini aya hiyo ndiyo inayoonyesha mtu anavyofikiri. Njia nzuri ya kuielewa ni kuitazama ikitengenezwa, kuanzia rasimu dhaifu hadi barua inayoweza kutumwa.

Tumchukue mwombaji wa mfano, binti aliyekulia Njombe katika nyumba yenye ng'ombe wa maziwa wawili, akasoma sayansi ya wanyama Morogoro. Kwa kawaida barua ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya vyuo vikuu vyetu. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili hoja zenyewe zionekane. Rasimu yake ya kwanza inasema hivi: "Ninataka kuchunguza matumizi ya mabua ya mahindi yaliyosindikwa kwa yurea ili kuongeza protini na uzalishaji wa maziwa wakati wa kiangazi."

Hapo tayari amewapita waombaji wengi, kwa kuwa ametaja chakula, njia na msimu. Ila sentensi hiyo imebeba dhana mbili ambazo profesa yeyote wa fani hii atazisimamia, na mwombaji hajaziona bado.

Kwanza tuangalie mabua yenyewe. Mahindi yakishavunwa, kinachobaki shambani ni mashina na majani makavu yenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 5 ya uzito mkavu. Ng'ombe ana uwezo wa kutumia nyuzinyuzi kwa sababu tumbo lake la kwanza, rumeni, limejaa bakteria wanaozivunja. Bakteria hao nao wanahitaji naitrojeni ili wakue na kuzaana. Chakula chote kikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini, bakteria hupungukiwa, kazi ya kuvunja nyuzinyuzi huzorota, na mabua hukaa tumboni muda mrefu. Tumbo likiwa limejaa, ng'ombe huacha kula. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuwa na rundo kubwa la mabua na ng'ombe aliyekonda kando yake.

Usindikaji kwa yurea ni njia ya miaka mingi na vifaa vyake ni rahisi. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, mfugaji huyeyusha kilo 4 hivi za yurea, mbolea ileile ya kukuzia mahindi, katika lita 50 za maji. Humwagia mabua tabaka kwa tabaka, hushindilia, kisha hufunika kwa nailoni pasiingie hewa. Vimeng'enya vya bakteria waliomo kwenye mabua hugeuza yurea kuwa amonia, na amonia hulegeza vifungo kati ya lignini, ile sehemu ngumu kama mbao, na nyuzinyuzi zinazoweza kuliwa na bakteria wa rumeni. Yakifunguliwa baada ya wiki kadhaa, mabua yaliyoiva huwa laini, yamegeuka rangi kuelekea hudhurungi, na harufu ya amonia hupanda puani. Ukungu ukionekana, hewa ilipenya. Harufu ya amonia ikikosekana, ama yurea haikugeuka au gesi ilivuja.

Dhana ya kwanza ya mwombaji imejificha katika maneno "kuongeza protini". Maabara nyingi hupima protini ya chakula cha mifugo kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl nchini Denmaki mwaka 1883. Njia hiyo haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha jibu linazidishwa kwa 6.25, na tarakimu inayopatikana huitwa protini ghafi. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kwa hiyo kilo 4 za yurea huingiza kilo 1.84 za naitrojeni, ambazo zikizidishwa kwa 6.25 husomeka kama kilo 11.5 za protini ghafi, ilhali hakuna hata gramu moja ya protini ya kweli iliyoongezwa. Sehemu kubwa ya amonia hutoroka rundo linapofunguliwa. Tukichukulia kwamba theluthi moja imebaki, mabua yaliyokuwa na asilimia 4 yatasomeka karibu na 8. Mwombaji akileta tarakimu hiyo kama ushahidi kwamba mabua yamekuwa chakula bora, amethibitisha tu kwamba yurea aliyoimwaga bado imo.

Nadhani hapa ndipo profesa anapomtambua mwanafunzi anayemtafuta, kwa sababu ukishaliona hilo, swali lenyewe hubadilika. Usindikaji unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: unawapa bakteria naitrojeni, na unalegeza nyuzinyuzi. Ng'ombe akila zaidi, ni lipi kati ya hayo lililomfanya ale? Ikiwa ni naitrojeni peke yake, mfugaji hana haja ya kununua nailoni, kuchota maji kiangazi na kusubiri wiki nyingi. Anaweza kunyunyiza yurea kidogo iliyoyeyushwa juu ya mabua siku ya kulisha. Ikiwa ni kulegea kwa nyuzinyuzi, basi kazi yote ile ina faida yake.

Ili kutenganisha mambo hayo zinahitajika lishe tatu badala ya mbili. Ya kwanza ni mabua yasiyosindikwa. Ya pili ni mabua yasiyosindikwa yaliyonyunyiziwa yurea wakati wa kulisha, kwa kiasi kinacholingana na naitrojeni iliyobaki katika mabua yaliyosindikwa. Ya tatu ni mabua yaliyosindikwa. Lishe ya pili ikiizidi ya kwanza, naitrojeni imefanya kazi. Ya tatu ikiizidi ya pili, kulegea kwa nyuzinyuzi kumeongeza kitu. Rasimu ya mwombaji wetu ilikuwa na ya kwanza na ya tatu tu, na kwa hizo mbili asingeweza kamwe kujua tofauti imetoka wapi.

Lishe ya pili inadai uangalifu, na mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba anaijua hatari yake. Kwa hesabu yetu, naitrojeni iliyobaki ni sawa na kilo 1.3 hivi za yurea kwa kila kilo 100 za mabua. Ng'ombe chotara anayekula kilo 8 za mabua kwa siku atapata gramu 104. Kwa ng'ombe mkubwa aliyezoeshwa, na anayepata pia chakula cha nyongeza, kiasi hicho kiko karibu na mpaka wa usalama. Kwa ng'ombe asiyezoea, au mwenye njaa anayekimaliza kwa pupa, kinaweza kuua: amonia hujaa damuni, mnyama hutetemeka, hutokwa na mate, tumbo huvimba, na huanguka. Kwa hiyo mpango lazima utaje kwamba yurea itaanza kidogo na kupanda polepole kwa wiki mbili, itagawanywa katika milo, na itayeyushwa vizuri pasibaki bonge lolote hata chini ya hori.

Dhana ya pili iko kwenye "uzalishaji wa maziwa". Ni kweli maziwa ndiyo yanayomlisha mfugaji, lakini kwa mwanafunzi mwenye ng'ombe sita ni kipimo kigumu. Ng'ombe mmoja anatoa lita 6, mwingine 11. Mmoja amezaa juzi, mwingine anakaribia kukaushwa. Tofauti ya nusu lita inayoletwa na chakula humezwa kirahisi na tofauti hizo. Kipimo kinachojibu swali moja kwa moja ni kiasi cha mabua kilicholiwa: pima unachoweka horini, pima kilichosalia kesho yake, toa. Kisha pima sehemu iliyomeng'enywa. Maziwa yarekodiwe kila siku, ila hoja isiyategemee.

Zipo mbinu za kupata jibu kwa ng'ombe wachache. Inayofaa hapa ni kumpitisha kila ng'ombe katika lishe zote tatu kwa zamu, wengine wakianza na hii na wengine na ile, ili kila mmoja alinganishwe na nafsi yake. Kila zamu huchukua siku 21: siku 14 za kuzoea, ambazo vipimo vyake havihesabiwi kwa kuwa bakteria wa rumeni wanahitaji muda wa kubadilika, kisha siku 7 za kupima. Zamu tatu ni siku 63. Chakula cha nyongeza kiwe sawa kwa wote, na mashudu ya alizeti yawe kidogo, pumba za mahindi ndizo ziwe nyingi. Mashudu yakizidi yataleta naitrojeni ya kutosha, na upungufu uliokuwa ukichunguzwa utatoweka kabla utafiti haujaanza.

Hadi hapa swali lingeweza kuulizwa na mtu yeyote, popote penye mabua. Kinacholifanya liwe la mwombaji huyu ni baridi ya kwao. Vitabu na vipeperushi vya ugani husema mabua yafunikwe siku 21, na kwa Morogoro au Dodoma hilo linatosha. Lakini kugeuka kwa yurea kuwa amonia, na kazi ya amonia kwenye nyuzinyuzi, vyote hutegemea joto. Panapozidi nyuzijoto 30, wiki moja inaweza kutosha; kati ya nyuzijoto 5 na 15, kazi ileile huhitaji wiki 4 hadi 8. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na usiku wa Juni na Julai huwa chini ya nyuzijoto 10. Huo ndio wakati mahindi yanavunwa na mabua yanapatikana. Mfugaji wa Njombe anayefuata kipeperushi kilekile anaweza kufungua rundo baada ya siku 21 na kumpa ng'ombe mabua ambayo bado ni magumu, yenye yurea ambayo haijageuka. Atahitimisha kwamba njia haifai, akaiacha.

Mtu aliyeona rundo la namna hiyo nyumbani kwao ana sababu ya kuuliza ambayo haipatikani katika makala za watu wengine. Barua yake basi inaweza kusomeka hivi:

Kichwa cha barua: Ombi la usimamizi wa uzamili: usindikaji wa mabua kwa yurea katika nyanda za baridi

"Profesa, shikamoo. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama, na ninatarajia kuomba uzamili wa lishe ya mifugo mwaka huu. Nakuandikia kuuliza kama una nafasi ya kusimamia mwanafunzi mpya.

"Nimesoma makala yako kuhusu ng'ombe wa maziwa waliolishwa mabua yaliyosindikwa kwa yurea. Walikula zaidi kuliko wale wa mabua makavu, lakini lishe ya kulinganisha haikuwa na naitrojeni ya ziada, kwa hiyo sikuweza kuona kama ongezeko lilitokana na naitrojeni au na kulegea kwa nyuzinyuzi. Ningependa kulinganisha lishe tatu: mabua makavu, mabua makavu yaliyonyunyiziwa yurea yenye naitrojeni sawa, na mabua yaliyosindikwa.

"Swali langu la pili linatoka nyumbani, Njombe. Tunavuna Juni na Julai, wakati wa baridi kali, na marundo yanayofunguliwa baada ya siku 21 mara nyingi hayajaiva. Ninafikiria kufunga mabua katika mifuko midogo Julai, kupima joto lake kila siku, na kuifungua baada ya wiki 3, 5 na 8 ili kuona ni lini nyuzinyuzi zinaanza kumeng'enywa vizuri. Rundo kubwa lingefungwa wakati huohuo, kisha ng'ombe sita wangelishwa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba.

"Nimefanya kazi ya kupima protini ghafi na nyuzinyuzi katika maabara ya chuo. Sijawahi kutumia mifuko ya nailoni ndani ya rumeni, na sijui kama kituo chako kina ng'ombe aliyetobolewa ubavu kwa kazi hiyo. Kama hayupo, ningetumia njia ya kupima gesi katika chupa. Bado sina ufadhili. Nimeambatisha wasifu na matokeo yangu. Ahsante kwa muda wako."

Barua hii inasomwa kwa dakika mbili. Kichwa chake kinataja kazi, kwa hiyo profesa anajua cha kutegemea kabla hajaifungua, na anaweza kuipata tena mwezi ujao. Aya ya pili haimsifu profesa. Inaonyesha kwamba mwombaji ameisoma kazi yake hadi sehemu ya mbinu, na ameona pengo bila kumkosea heshima. Maneno kama "kazi yako imenivutia sana" yanaweza kunakiliwa kwa maprofesa kumi, na wao wanalijua hilo. Sentensi kuhusu lishe ya kulinganisha inamfaa mmoja tu.

Aya ya nne, ambayo wengi huiogopa, kwa maoni yangu ndiyo inayojenga imani zaidi. Mwombaji amesema anachokiweza, asichokiweza, na njia nyingine atakayoitumia. Kupima kwa mifuko ya nailoni maana yake ni kuweka sampuli katika vifuko, kuviingiza katika rumeni ya ng'ombe aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa tundu lenye kizibo ubavuni, na kuvitoa baada ya saa 48, kwa mfano, ili kuona kilichoyeyuka. Si kila kituo kina ng'ombe wa namna hiyo. Njia ya gesi hutumia maji ya rumeni na sampuli katika chupa zenye joto la mwili wa ng'ombe. Kadiri bakteria wanavyovunja chakula, ndivyo gesi inavyopanda. Mwombaji anayeijua tofauti hiyo anamwondolea profesa hofu kwamba utafiti utakwama kwa kukosa mnyama mmoja. Kusema mapema kwamba hana ufadhili nako kunasaidia, maana ng'ombe sita kwa siku 63 wanahitaji chakula, mhudumu na ada ya maabara, na profesa mwenye mradi unaoendelea anaweza kuona mara moja kama kazi hii inaingia humo.

Tuseme jibu limekuja baada ya wiki moja, fupi, kama maprofesa wanavyoandika: "Swali zuri. Utafanyia wapi? Na mfugaji atamudu?"

Swali la kwanza lina mtego. Chuo kikiwa Morogoro, ambako ni joto, mabua yataiva kwa muda mfupi na tatizo la Njombe halitaonekana. Mifuko midogo lazima ifungwe na kukaa kwenye baridi, Njombe kwenyewe au mahali pengine pa nyanda za juu kama Uyole, Mbeya, ambako kuna kituo cha utafiti wa mifugo. Sampuli zinaweza kusafirishwa hadi maabara ya Morogoro. Hata jaribio la ng'ombe litumie mabua yaliyosindikwa kwenye baridi, la sivyo nusu mbili za utafiti zitahusu vyakula viwili tofauti.

Swali la pili linajibiwa kwa hesabu ndogo ambayo mwombaji angeweza kuifanya kwenye bahasha. Mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50, kwa kilo 4 kwa kila kilo 100, husindika kilo 1,250 za mabua. Ng'ombe anayekula kilo 8 kwa siku atayala kwa siku 156, yaani kiangazi chote cha nyanda za juu kwa mfuko mmoja. Kunyunyiza wakati wa kulisha, kwa kilo 1.3 kwa kila kilo 100, kungetumia kilo 16 hivi kwa mabua yaleyale. Tofauti ya kilo 34 za yurea, pamoja na nailoni na lita zaidi ya 600 za maji, ndiyo gharama ambayo kulegea kwa nyuzinyuzi lazima kuilipe kwa chakula kilicholiwa zaidi na maziwa yaliyoongezeka. Na yurea hiyo mfugaji anaihitaji pia shambani, kukuzia mahindi ya msimu unaofuata.

Mwombaji akiandika majibu hayo katika barua ya pili, kwa aya mbili, ataongeza safu moja katika mpango wake: uzito wa yurea, maji na nailoni kwa kila lishe, ukirekodiwa tangu siku ya kufunga rundo.